Sekunde mbili kwa siku: kwa nini lengo hilo linamchosha anayetengeneza katuni peke yake

*"Shikamoo. Natengeneza katuni ya dakika 4 peke yangu, michoro ya mkono kwenye tableti, jioni baada ya kazi, kwa muda wa saa mbili hivi. Nilijiwekea lengo la sekunde 2 kwa siku ili nimalize kwa miezi minne, na nikimaliza nijizawadie tableti mpya. Nilianza na shoti rahisi nipate moyo, na wiki tatu za kwanza nilifikisha. Leo ni siku ya 50. Nina sekunde 62 badala ya 100: 45 ni mandhari, 12 ni mhusika akitembea, 5 tu ndizo za kuigiza. Wikendi zote nalipa deni, na siku hizi nikifungua faili naifunga hapo hapo. Huu ni uvivu au nimechoka kupita kiasi? Nijikaze au nipunguze lengo?"*

Marahaba. Uvivu tuuweke kando mapema, maana mvivu hakai mezani jioni 50 kwa kitu ambacho hakuna aliyemwagiza. Kabla ya kuzungumzia uchovu, tupige hesabu moja ambayo nadhani hukuipiga siku ya kwanza. Wengi wetu hatuipigi, kwa sababu kugawanya sekunde 240 kwa siku 120 kunaleta jibu zuri mno, sekunde 2 kamili, na jibu zuri halimpi mtu hamu ya kulichunguza.

Sekunde 1 ya katuni ina fremu 24. Ukichora kwa mtindo wa kawaida, ambapo kila mchoro unakaa fremu mbili, sekunde hiyo inahitaji michoro 12. Sekunde 2 ni michoro 24. Ila mchoro mmoja hauchorwi mara moja. Unaupitia kama rasimu, halafu unarudi kusafisha mistari, halafu unarudi tena kupaka rangi. Kwa mhusika wa kawaida asiye na mapambo mengi, tuseme rasimu ni dakika 4, kusafisha dakika 6, rangi dakika 2. Jumla ni dakika 12 kwa mchoro. Zidisha kwa 24 unapata dakika 288, yaani karibu saa tano. Wewe una saa mbili.

Kwa hiyo lengo lako halikukushinda kwa sababu ya moyo mdogo. Shoti ambayo mhusika anasogea mwili mzima haikuweza kuingia ndani ya jioni yako hata siku moja. Wiki tatu za kwanza zilikubali kwa sababu ulikuwa unafanya mandhari. Shoti ya mandhari inayopita polepole mbele ya kamera inaweza kukupa sekunde 5 kwa mchoro mmoja mkubwa, na mhusika anayetembea hurudia mzunguko ule ule wa michoro 12 hadi atakapofika. Ulikuwa unavuna sekunde za bei rahisi na kuziandika kama vile zina bei sawa na zile za kuigiza.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike zaidi ya yote: sekunde si kipimo cha kazi. Ni kipimo cha filamu. Mtazamaji anatazama sekunde, wewe unachora michoro, na kati ya shoti moja na nyingine uwiano wa vitu hivyo viwili unaweza kutofautiana mara kumi. Lengo la kila siku linalohesabiwa kwa sekunde litakusifia siku ulizofanya kazi kidogo na kukukemea siku ulizofanya kazi nyingi. Ukipigwa hivyo kwa mwezi mzima, kuifunga faili mara tu inapofunguka ni jibu la kawaida la akili yenye afya.

Studio za zamani zilikuwa na kipimo chao pia. Kwenye filamu ya milimita 35 futi moja ina fremu 16, na wachoraji walihesabiwa futi kwa wiki. Lakini ndani ya studio kulikuwa na mtu wa kugawa shoti, aliyejua kwamba umati unaokimbia si sawa na mzee aliyeketi, na kulikuwa na watu wengine wa kusafisha na kupaka rangi. Mtu anayefanya peke yake akichukua kipimo kile bila yule mgawaji, anachukua nusu ya mfumo, tena nusu inayouma.

Sasa tuihesabu upya filamu yako. Animatiki yako, yaani ile video ya michoro ya penseli yenye sauti inayoonyesha mpangilio wa filamu nzima, sijaiona, hivyo nagawa dakika 4 kwa namna inayofanana na filamu fupi nyingi. Wewe utaweka namba zako. Tuseme sekunde 60 ni mandhari bila mhusika. Sekunde 40 mhusika ametulia, anapepesa macho na kuzungumza tu. Sekunde 30 anatembea kwa mizunguko mitatu tofauti. Zinazobaki, 110, ni za kuigiza kwa mwili mzima. Shoti za kutulia tuzipe michoro midogo 110 ya midomo na kope, na kwa kuwa kila mmoja ni kama nusu ya kazi, tuihesabu kama 55.

Ondoa ulichokwisha kufanya. Kumebaki sekunde 105 za kuigiza, ambazo ni michoro 1,260, mizunguko miwili ya kutembea yenye michoro 24, na ile 55. Jumla ni 1,339. Kwa dakika 12 kila mmoja ni kama saa 268. Na jioni ya saa mbili haikupi saa mbili za kuchora: unafungua faili, unatazama ulipoishia, unarekebisha cha jana. Ukipata saa moja na nusu ya kalamu kugusa tableti umefanya vizuri. Hapo ni jioni 179, na kwa jioni tano kwa wiki ni wiki 36. Ongeza sehemu ya tano kwa ajili ya homa, wageni, umeme, na shoti zitakazokataa, unafika wiki 43.

Najua inauma kusoma hivyo. Ulidhani umevuka robo ya safari kwa sababu sekunde 62 ni robo ya 240, kumbe kwa michoro umefanya sehemu ndogo sana na mlima wote uko mbele. Lakini naamini mwili wako ulishajua hilo kabla yangu, na ndiyo maana faili inafungwa. Kusikia namba yenyewe huwa kunatuliza kuliko kuendelea kuihisi gizani.

Watu wengi wakifika hapa huamua kujikaza, au hupunguza lengo hadi sekunde 1 kwa siku na kuendelea kama kawaida. La pili ni afadhali, ila bado ni kipimo kile kile kilichopinda. Mimi ningeanza kwa kuipunguza filamu yenyewe, kwa sababu filamu ndiyo pekee kati ya vitu hivi unayoimiliki kabisa. Jioni zako zina mwisho, mkono wako una mwisho, lakini animatiki unaweza kuikata kesho.

Kuna mikato mitatu ambayo mtazamaji hataiona kama hasara. Wa kwanza ni kuondoa sekunde 15 za kuigiza kwenye animatiki. Tazama mahali mhusika anaingia mlangoni, anavuka chumba, anaketi: mara nyingi anaweza kukutwa ameshaketi. Unabaki na sekunde 90. Wa pili ni kuchora sehemu za polepole kwa mtindo wa kila mchoro kukaa fremu tatu, ambapo sekunde inahitaji michoro 8 badala ya 12. Usifanye hivyo kwenye mwendo wa haraka, utakatikakatika. Lakini mtu anayegeuza kichwa kwa huzuni, au anayeinua kikombe, anaustahimili vizuri. Ukiupa sekunde 55 kati ya zile 90, hizo zinakuwa michoro 440, na 35 zilizobaki ni michoro 420. Ongeza 55 na 24, unapata 939.

Mkato wa tatu ndio mgumu kwa roho ya mchoraji: acha mstari uwe na ukwaruzo kidogo. Kusafisha ndiko kunakokula nusu ya muda wako wote. Ukichora rasimu iliyo nadhifu kidogo na ukakubali mstari unaopumua, kusafisha kunaweza kushuka kutoka dakika 6 hadi 3. Jaribu kwanza kwenye shoti moja na uitazame ikiwa na rangi na sauti, maana mstari unaokukera ukiwa fremu iliyosimama mara nyingi hupendeza ukiwa unatembea. Ukikubali, kila mchoro sasa ni dakika 9. Michoro 939 inakuwa kama saa 141, jioni 94, wiki 19, na pamoja na ile sehemu ya tano ni wiki 23. Tumetoka wiki 43 hadi 23 bila kukuomba dakika moja zaidi ya usingizi wako.

Namba zangu za dakika 4, 3 na 2 usiziamini. Wiki ya kwanza kazi yako iwe kupima tu. Chukua shoti moja rahisi na moja ngumu, chora michoro kumi ya kila hatua huku saa inakimbia, andika dakika. Pima ukiwa umechoka kazini kama kawaida, si Jumamosi asubuhi ukiwa mpya. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu kukadiria kazi yake kwa kufikiria jinsi itakavyokwenda ikienda vizuri, hata pale anapojua kwamba kazi zake zilizopita zilichelewa. Dawa yake ni kupanga kwa kumbukumbu ya kilichotokea, na kumbukumbu hiyo huna mpaka uipime.

Ukishapima, lengo la siku liandike kwa michoro na kwa hatua. Kwa dakika 90 na namba za mfano wetu, siku ya rasimu ni michoro kama 22, siku ya kusafisha ni 30, siku ya rangi ni 45. Halafu lipe lengo hilo sakafu na dari. Sakafu ni kiasi kidogo ambacho hata siku mbaya unakiweza, tuseme rasimu 5. Ukifika hapo siku imehesabiwa na unaweza kulala. Dari ni kiasi ambacho hukipiti hata ukiwa na mzuka, tuseme rasimu 28.

Sakafu watu huielewa haraka. Dari huwa wanaibishia, nami nadhani ndiyo yenye kazi kubwa zaidi. Jioni yenye mzuka, ile unayochora hadi saa nane za usiku, huonekana kama faida. Iandike kwenye daftari pamoja na siku mbili zinazofuata, uone: mara nyingi kesho yake ni sifuri na keshokutwa ni rasimu sita zenye mikono iliyopinda ambazo utazifuta. Mbaya zaidi, ule usiku unakuwa kipimo kipya moyoni, na kila jioni ya kawaida inaonekana ni kushindwa. Ukigonga dari, acha mchoro mmoja nusu, uandike pembeni sentensi moja ya kitakachofuata, kwa mfano "mkono wa kulia unashuka, bega linachelewa", kisha ufunge. Kesho hutaanza na ukurasa mtupu, ambao ndio unaokufanya ufunge faili.

Deni lifutwe leo. Sekunde 38 hizo zilitokana na hesabu isiyowezekana, kwa hiyo hazipo. Na kuanzia sasa siku iliyokosekana isihamie kesho. Ile sehemu ya tano tuliyoiongeza ndiyo inayolipa siku zilizokosekana, hiyo ndiyo kazi yake. Kila baada ya wiki mbili angalia ni michoro mingapi imebaki na kasi yako halisi ikoje, kisha sogeza tarehe ya mwisho. Usisogeze lengo la kesho. Utasikia wengi wakihimiza kuchora kila siku bila kukatisha mnyororo. Kwa mtu anayejenga mazoea ya dakika kumi hilo lina maana. Kwa mtu mwenye ajira ambaye anafanya saa mbili nzito usiku, siku mbili za wiki bila kalamu ni sehemu ya kazi, na mnyororo ukikatika siku ya 31 kwa sababu ya homa humvunja moyo bure.

Jambo la mpangilio nilitaje kwa kifupi. Usifanye rasimu za filamu nzima kwanza, kwa sababu utakaa miezi bila kuona hata shoti moja iliyokamilika. Wala usikamilishe shoti moja moja, maana kubadili kutoka rasimu kwenda rangi kila siku kunakula muda. Fanya kwa vipande vya sekunde 15 hadi 20: rasimu zote za kipande, halafu kusafisha, halafu rangi. Na daima weka akiba ya kazi nyepesi. Rasimu inataka akili. Rangi inataka mkono tu na unaweza kusikiliza redio. Siku kazi ya ofisini imekukamua, toa rangi kwenye akiba. Pia usifanye shoti muhimu kuliko zote mwanzoni wala mwishoni. Mhusika hubadilika mkononi mwako kwa miezi, pua inarefuka, kichwa kinapungua, na katikati ya mradi ndipo unapomchora vizuri zaidi kabla ya haraka ya mwisho. Bandika karatasi ya mhusika wako, mbele, ubavu na mgongo, mahali utakapoiona kila unapoanza.

Tuje kwenye zawadi, kwa sababu tableti yako ina matatizo mawili.

La kwanza ni umbali. Mwaka 1932 mwanasaikolojia Clark Hull aliandika juu ya jinsi panya kwenye njia ya majaribio wanavyoongeza mwendo wanapokaribia chakula. Binadamu naye hukaza mwendo anapouona mwisho, na maana yake upande wa pili ni kwamba katikati ya safari ndefu, mbali na mwanzo na mbali na mwisho, mwendo hulegea. Zawadi moja iliyo wiki 23 mbele haivuti mtu aliye wiki ya 9. Inabidi safari igawanywe, na kila kipande kiwe na mwisho wake unaoonekana. Kwa filamu yako ningeweka vituo sita, kimoja kila wiki tatu au nne, na kile cha kwanza kiwe karibu zaidi, wiki mbili tu. Vipime kwa michoro, cha kwanza kama 100 na vingine kama 170 kila kimoja, ili kituo cha tatu kisije kikawa na uzito mara tatu ya cha pili. Na kila kimoja kiwe na sharti linaloonekana kwa macho: "kipande cha 2 kina rangi, kina sauti, kimewekwa ndani ya animatiki na nimekitazama mwanzo hadi mwisho." Sharti kama "kipande cha 2 kiko karibu tayari" litakugombanisha na nafsi yako.

La pili ni la ndani zaidi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio ambalo kila mchoraji angepaswa kulijua, kwa sababu lilihusu kuchora. Walichukua watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Kundi la pili walipewa cheti kile kile bila kutarajia. La tatu hawakupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena darasani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walizigusa kidogo kuliko wenzao wa makundi mengine mawili. Kuchora kulikuwa kumegeuka kazi ya kulipwa, na malipo yalipokoma hamu nayo ilipungua.

Usilitafsiri jaribio hilo kwamba zawadi ni sumu. Waliopewa bila kutarajia hawakupungukiwa. Kinachodhuru ni biashara ya "chora hivi upewe hivi" ikiwekwa juu ya kitu ambacho tayari unakipenda. Kwa hiyo lengo la kila siku lisiwe na zawadi yoyote. Hakuna peremende kwa michoro 22. Zawadi iwekwe kwenye vituo, na iwe ya aina inayokuonyesha ulichofanya au inayokupa pumzi, isiwe mshahara.

Zawadi yenye nguvu kuliko zote unayo tayari: kila Ijumaa toa video ya shoti zilizokamilika, zibandike juu ya animatiki mahali pake, na uitazame filamu yote ikiwa na sauti. Wiki ya kwanza utaona mandhari na michoro ya penseli. Wiki ya sita utaona mtu anageuza kichwa katikati ya penseli, na utaijua thamani ya jioni zako bila namba yoyote. Kwenye kituo, mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini, mmoja tu, na umwombe akuambie alichoelewa badala ya kama ni nzuri. Kisha jipe siku nne au tano za kuchora kitu kingine kabisa kisicho na mwendo, au kutochora. Gemu la saa sita si mapumziko kwa kazi hii, samahani. Linatumia macho yale yale na kiwiko kile kile.

Na tableti? Kama ya sasa inafanya kazi, mpya inaweza kungoja na isiwe na masharti. Kama ya sasa ni ndogo kiasi cha kukukunja kifundo, au kalamu yake inachelewa hadi unachora mstari mara tatu, basi nunua nyingine mapema unapoweza. Chombo kinachokuzuia usiumie kisifanywe zawadi ya mwisho, kwa sababu hapo unajiadhibu kwa miezi ili ustahili kutoumia. Mapumziko vivyo hivyo. Jumamosi na Jumapili si zawadi, zimo kwenye ratiba hata wiki uliyofanya vibaya.

Sasa swali lako la uchovu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linaeleza uchovu wa kupindukia wa kazi kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na halikuuita ugonjwa. Una sura tatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi huna tena uwezo. Uchovu wa kawaida una sura ya kwanza tu, na siku tatu au nne za kupumzika kweli huuondoa. Kwa hiyo pumzika wiki moja bila kufungua faili, bila kuihesabu, halafu ujichunguze.

Jaribio dogo litakusaidia kutofautisha. Baada ya wiki hiyo, usifungue shoti uliyokwama nayo. Fungua ya rangi, iliyo nyepesi kuliko zote, ufanye dakika 20. Kama mkono unakwenda na unasahau saa, tatizo lilikuwa lengo, au ni ile shoti moja: pengine mhusika wako hana sababu ya kufanya anachofanya pale, na mkono unakataa kabla ya kichwa kukiri. Rudi kwenye animatiki ya sehemu hiyo. Kama hata rangi inakukinaisha, na chuki hiyo inaenea hadi kwenye katuni za wengine ulizokuwa ukizipenda, chunguza mchana wako pia. Mara nyingi kinachomaliza mtu ni ajira, na filamu ya jioni ndiyo mahali pa kwanza panapoonyesha, kwa sababu ndiyo kazi pekee anayoweza kuikataa bila kufukuzwa. Hapo hakuna ratiba ya michoro itakayokutibu. Simamisha filamu kwa tarehe maalumu, uandike tarehe ya kuiangalia tena, na ushughulikie chanzo.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayafai kuyamaliza. Ganzi au kuchomachoma kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa kunakokuamsha usiku, au vitu kukuponyoka mkononi, ni dalili za mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo. Mwone daktari na usingoje kumaliza kipande. Maumivu ya mkono yanayobaki hata baada ya wiki ya kupumzika, vivyo hivyo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku umekuwa na huzuni nzito au huna hamu na chochote, si filamu peke yake, au usingizi na hamu ya kula vimevurugika, nenda ukazungumze na daktari au mshauri ana kwa ana. Sonona hufanana sana na uchovu wa kazi, na upungufu wa damu au tezi ya shingo iliyolegea pia humchosha mtu namna hiyo. Vipimo ndivyo vinavyotofautisha, mtu hawezi kujitambua mwenyewe. Na kama mawazo ya kujidhuru yamewahi kupita, mwambie mtu wa karibu leo na uende hospitali leo.

Ikiwa haya hayakuhusu na wiki ya mapumziko imekurudishia mkono, pima dakika zako, kata animatiki, kisha uhesabu. Endapo namba halisi bado zitakupa zaidi ya wiki 30, usiifute filamu. Tafuta ndani yake sekunde 60 hadi 90 zinazosimama zenyewe, zimalize kama filamu fupi kamili yenye kichwa na sauti, na sehemu iliyobaki uiamue ukiwa umeshamaliza kitu. Shoti za mandhari ulizokwisha kufanya, zile sekunde 45, zitaingia humo karibu bila kuguswa.